Kumeza, kadi au matukio: njia tatu za kuandaa majibu ya usaili wa ufadhili wa masomo

Barua pepe ya kuitwa kwenye usaili ikishafika, waombaji wengi hufanya jambo lile lile. Wanafungua insha walizotuma wakati wa kuomba, wanazigeuza ziwe majibu, kisha wanaanza kuyameza. Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ni kujiandaa kwa kadi zenye maneno machache na kuyaunda majibu papo hapo. Ya tatu ni kuwa na akiba ya matukio ya kazini au chuoni unayoyajua kwa undani, ambayo unaweza kuyasimulia kwa namna yoyote swali litakavyokuja. Kila moja ina mahali inapokubeba na mahali inapokuangusha. Tutazilinganisha kwa mwombaji mmoja wa kubuni na swali moja, kwa sababu tofauti zake huonekana vizuri zaidi zikipita kwenye jibu lile lile.

Mwombaji wetu ni binti fundi wa maabara anayefanya kazi na jumuiya ya watumia maji upande wa Maji ya Chai, Arumeru. Maji ya ukanda ule yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Watoto wanaokua wakiyanywa huota meno yenye rangi ya kahawia, na kwa anayeyanywa miaka mingi, mifupa nayo huathirika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima kadhaa anavyopima binti huyu vinazidi hapo. Ndiyo maana kuna kaya zinazotumia vichungi vya mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya wanyama iliyochomwa, ambao hukamata floraidi. Anaomba ufadhili wa shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji nje ya nchi. Swali analojua litakuja ni hili: "Kwa nini kozi hii, na kwa nini sasa?"

Upande wa pili wa meza

Jopo la ufadhili kwa kawaida lina watu watatu hadi watano, na kila mmoja ana fomu yenye vipengele vya kutoa alama. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, unajulikana kwa vinne: uongozi, kujenga mahusiano, masomo yenyewe, na mpango wa kazi baada ya kurudi. Ufadhili mwingine una vipengele vyake, lakini utaratibu haupishani sana. Mjumbe anakusikiliza huku kalamu yake ikitafuta kitu cha kuandika kwenye kisanduku. Akiandika "ana moyo wa uongozi" bila tendo la kuweka chini yake, hana hoja ya kukutetea mbele ya wenzake wakati wa kujumlisha alama.

Ndiyo maana swali la kufuatilia, lile linalokukata katikati ya sentensi, mara nyingi si mtego. Mjumbe bado hajapata cha kuandika, basi anakusaidia umpe. Mwombaji anayeliona kama usumbufu na kurudi kwenye maneno yake aliyoyapanga anakuwa amekataa msaada huo. Kipimo cha njia zote tatu kiko hapo hapo: jibu lako linafanya nini likikatwa?

Njia ya kwanza: kuandika yote na kumeza

Binti wetu akifuata njia hii, anaandika hivi:

"Tangu nikiwa mdogo nimekuwa na shauku kubwa ya kutatua changamoto ya maji inayoikabili jamii yangu. Kutokana na uzoefu wangu wa miaka minne katika sekta ya maji, nimebaini kuwa floraidi ni tatizo linalohitaji utaalamu wa kina. Kozi hii itanijengea uwezo wa kubuni teknolojia nafuu na endelevu, na hivyo kuchangia maendeleo ya taifa langu."

Kwenye karatasi halina kosa. Ubaya wake ni kwamba lingeweza kusemwa na mwombaji yeyote wa kozi ya maji kutoka popote. Neno pekee lililo lake ni floraidi, na mjumbe bado hana tendo hata moja la kuandika.

Lakini tuseme ameliandika vizuri kuliko hapo. Bado kuna hesabu ya kufanya. Mtu akiongea Kiingereza kwa mwendo wa kawaida hutamka maneno kama 130 kwa dakika, kwa hiyo jibu la dakika mbili ni maneno kama 260. Ukiandaa majibu kumi una maneno 2,600 ya kubeba kichwani neno kwa neno, katika lugha ambayo huenda si unayoiotea ndoto. Kama una wiki mbili, zote zitaishia kwenye kumeza, na muda wa kuulizwa maswali hautabaki.

Pia kuna namna kumbukumbu ya aina hii inavyofanya kazi. Maneno ya kumeza hukaa kama mnyororo, kila sentensi inaita inayofuata. Mnyororo ukikatwa katikati hakuna mlango wa kuingilia isipokuwa ule wa mwanzo. Hivyo mjumbe akisema, "Samahani nikukatize hapo, hicho kichungi cha mkaa wa mifupa mbona kipo Arusha miaka mingi? Kimeshindwa wapi?", aliyemeza hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama anaganda, ama anajibu kwa neno moja kisha anaruka kwenye sentensi aliyoiachia. Jopo zima linausikia mruko huo.

Hata asipokatwa atasikika tu, na dalili zenyewe ni chache. Kwanza ni mwendo. Wakati wa salamu na maelezo ya safari alikuwa anaongea polepole akichagua maneno. Swali la kwanza likiulizwa, anaanza kukimbia kwa kasi isiyobadilika, bila kusita pale ambapo mtu anayefikiri husita, yaani kabla ya takwimu, kabla ya jina la kitu, kabla ya kutoa maoni. Pili ni lugha yenyewe. Dakika iliyopita alisema basi lilichelewa Usa River kwa maneno ya kila siku, na sasa anaongea kama ripoti ya mradi. Tatu ni namna anavyosahihisha kosa. Anayeongea akikosea neno hurekebisha neno hilo na kuendelea, lakini aliyemeza hurudi mwanzo wa sentensi nzima. Nne, na hii ndiyo ghali kuliko zote, jibu halishiki maneno ya swali. Ameulizwa "kwa nini sasa" akajibu "kwa nini kozi hii", kwa sababu ndilo alilokuwa nalo.

Pamoja na hayo yote, hatusemi usimeze kitu. Kuna vitu vinne vya kushika neno kwa neno: jina kamili la kozi na la chuo, takwimu mbili tatu utakazotumia, sentensi ya kwanza ya majibu mawili ambayo lazima yaje (lile la kujieleza na hili la kwa nini kozi hii), na sentensi moja ya kufungia, kwa sababu watu wengi hawajui kunyamaza. Jumla yake haizidi nusu ukurasa.

Njia ya pili: kadi

Hapa huandiki jibu, unaandika nguzo zake. Kadi moja ni ya aina moja ya swali, ukubwa wa nusu ya karatasi ya daftari dogo, na haina sentensi. Maneno machache kwa kila mstari yanatosha. Kadi ya binti wetu kwa swali letu ina mistari mitatu:

mkaa ukijaa – hakuna anayejua
kaya 40, kadi ya tarehe
kubuni kipimo / kozi: moduli ya usafishaji maji

Mstari wa kwanza ni tatizo lenyewe, kwa umahususi ambao mwombaji mwingine hawezi kuuazima. Wa pili ni ushahidi kwamba amelishughulikia kwa mikono yake. Wa tatu ni kile asichokijua bado na sehemu ya kozi inayokijibu. Mpangilio huo wa tatizo, tendo na pengo unafaa karibu kila swali la "kwa nini".

Akikatwa na swali lile lile la kichungi, anajibu hivi:

"Kichungi hakijashindwa kuondoa floraidi. Kinashindwa nyumbani kwa watu. Mkaa wa mifupa ukishajaa floraidi unaacha kuikamata, lakini maji yanayotoka hayabadiliki rangi wala ladha, kwa hiyo mama mwenye nyumba anaendelea kuyachota akijua yuko salama. Nilipopima kaya arobaini, vichungi vingi vilikuwa vimepitisha muda bila mtu kujua. Tulichofanya ni kadi ya tarehe ukutani, na ilisaidia, ila tarehe ni kukisia. Nataka kujua namna ya kutengeneza kipimo rahisi kinachosema mkaa umejaa. Hilo kwenye kazi yangu ya sasa silipati."

Jibu hilo halikuwahi kuandikwa popote. Limejengwa kutoka mistari ile mitatu, ukiongeza ujuzi wa kazi ambao binti anao tayari. Tena swali la kukatiza limemsogeza mbele: ameshafika kwenye pengo, na pengo ndilo lililokuwa jibu la "kwa nini kozi hii".

Kadi hufanyiwa mazoezi kwa mtindo wake, na wengi hukosea hapo. Chukua kadi, isome, igeuze, washa kinasa sauti cha simu, jibu kwa sauti. Halafu jibu tena, safari hii ukianza na mstari wa tatu. Kisha jibu mara ya tatu ukianza na wa pili. Kubadilisha mlango wa kuingilia ndiko kunakovunja mnyororo. Ukilijibu swali mara kumi kwa mpangilio ule ule, utakuwa umelimeza bila kujua, kadi au si kadi, na dalili zote za njia ya kwanza zitarudi. Ukisikiliza rekodi mbili mfululizo na sentensi zikafanana neno kwa neno, iache kadi hiyo siku mbili.

Sikiliza pia urefu. Jibu la kadi huwa na tabia ya kutambaa, maana hakuna karatasi inayokuambia umemaliza. Kati ya sekunde 90 na dakika mbili inatosha. Zaidi ya hapo unakula muda wa swali la kufuatilia, lile ambalo alama nyingi hutoka humo.

Kadi ina udhaifu mmoja mkubwa: haifanyi kazi kwa mtu asiyelijua jambo lake. Mwombaji aliyesoma kuhusu floraidi jana usiku akiandika "mkaa ukijaa" kwenye kadi, ataganda pale pale kama aliyemeza, pengine na zaidi, kwa kuwa hana hata sentensi ya kukimbilia. Kadi ikikupa shida mara tatu mfululizo, usilaumu kadi. Rudi ukajifunze jambo lenyewe, au lifute kwenye majibu yako.

Njia ya tatu: akiba ya matukio

Maswali ya jopo ni ya familia mbili. Kuna ya "kwa nini" na "una maoni gani", na hayo kadi inayatosha. Kuna pia ya "tueleze wakati ambapo": uliongoza watu, ulishindwa, uligombana na mwenzako, ulibadilisha mawazo. Hizi za pili hazijibiki kwa nguzo. Zinataka jambo lililotokea, mahali, watu na mwisho wake.

Kosa la kawaida ni kuandaa tukio moja kwa kila swali. Maswali ya namna hiyo yanaweza kuwa ishirini, na huna matukio ishirini mazuri. Unahitaji matano, sita yakizidi, lakini uyajue kwa undani kiasi kwamba kila moja linajibu maswali matatu au manne.

Tulichukue tukio moja la binti wetu. Katika zile kaya arobaini, baadhi zilikuwa zimeacha kabisa kutumia kichungi. Sababu zilikuwa mbili. Mkaa wa awamu moja ulikuwa haukuchomwa vya kutosha, maji yakatoka na harufu. Na familia kadhaa ziliuliza mifupa ni ya mnyama gani, hazikupata jibu, zikakimwaga kichungi nje. Yeye akaenda kwa mchomaji, akathibitisha kuwa mifupa ni ya ng'ombe, akaomba isitoke awamu yoyote kabla hajapima harufu na rangi ya maji ya majaribio, kisha akarudi kwenye kikao cha kitongoji na mzee mmoja wa msikiti aliyekubali kwenda naye kuona tanuri. Baada ya hapo baadhi ya kaya zilirudi. Nyingine hazikurudi hadi leo.

Angalia tukio hilo linavyogeuka. Swali la uongozi: anaanzia kwenye kikao na yule mzee. Swali la kushindwa: anaanzia kwenye kaya ambazo hazikurudi na kwa nini. Swali la kufanya kazi na watu mnaotofautiana: anaanzia kwenye swali la mnyama gani. Swali la kitaalamu: anaanzia kwenye uchomaji, kwamba mifupa isiyoiva huleta harufu na ikichomwa kupita kiasi hupoteza uwezo wa kukamata floraidi. Tukio ni moja, milango ni minne, na kila mlango anaufungua kwa sentensi tofauti. Kwa hiyo haliwezi kusikika kama la kumeza.

Kuliandaa, lisimulie kwanza kwa Kiswahili kwa mtu asiyejua kazi yako, kama unavyosimulia jambo la kazini jioni. Mwachie aulize. Andika maswali aliyouliza, kwa sababu hayo ndiyo mashimo ya hadithi yako, na jopo litayaona. Ukishayaziba, pima sehemu zake. Mazingira yasizidi sentensi mbili au tatu. Ulichofanya wewe kichukue nusu ya muda. Matokeo yawe ya kweli, hata kama ni madogo. "Baadhi zilirudi, nyingine hazikurudi" ina nguvu kuliko "jamii nzima ilihamasika", sababu ya kwanza ikiwa ni kwamba mjumbe anaiamini.

Kuna jambo la kwetu linaloharibu matukio mengi mazuri. Tumelelewa tusijitaje. Mtu aliyefanya kazi nzima peke yake atasema "tulikwenda, tukakaa nao, tukaelewana", kwa sababu "nilifanya" inasikika kama majivuno mbele ya wakubwa. Jopo haliwezi kuandika "tuli" kwenye kisanduku chako. Litauliza "wewe hasa ulifanya nini?", na ukiendelea kusema "tuli" mara ya pili watadhani hukufanya kitu. Si lazima ujisifu. Gawa kazi: "Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha kikao, mzee alizungumza na familia, mimi nilikwenda kwa mchomaji na kupima awamu ile." Adabu inabaki, na kazi yako inaonekana. Katika rekodi ya mazoezi hesabu "tuli" zako kwenye sehemu ya ulichofanya. Zikizidi mbili, rudia.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inanogea. Aliyezoea matukio huanza kujibu kila kitu kwa hadithi. Akiulizwa chuo gani chaguo lake la pili anaanza na kisima cha Maji ya Chai. Akiulizwa swali la ndiyo au hapana anahitaji dakika tatu. Jibu swali katika sentensi ya kwanza, tukio lifuate kama ushahidi, na kama swali halihitaji ushahidi, ishia hapo.

Zikiwekwa pamoja

| | Kumeza | Kadi | Matukio |
|---|---|---|---|
| Inafaa | majina, takwimu, sentensi ya kwanza | "kwa nini", "una maoni gani" | "tueleze wakati ambapo" |
| Ukikatwa | unarudi mwanzo au unaganda | unaingia kwa mstari mwingine | unaingia kwa mlango mwingine |
| Muda wa kuandaa | mrefu kuliko zote | siku chache | wiki moja au zaidi |
| Inaharibika | swali likibadilika kidogo | usipolijua jambo | ukigeuza kila jibu hadithi |

Ukiwa na wiki mbili au zaidi, tumia kadi nane na matukio matano, umeze nusu ukurasa tu. Ukiwa na siku tatu, usianze na kadi. Chagua matukio matatu unayoyajua zaidi na uyasimulie kwa sauti hadi uone milango yake, kisha tengeneza kadi mbili tu: ya kwa nini kozi hii, na ya utafanya nini ukirudi. Majibu mengine yatajitokeza kutoka kwenye matukio hayo. Siku tatu za kumeza zinatosha kukufanya usikike umemeza, lakini hazitoshi kumeza vizuri.

Jopo lenye maswali yaliyopangwa, ambapo kila mwombaji anaulizwa yale yale na wajumbe hawaongezi kitu, linamvumilia aliyemeza kuliko jopo la mazungumzo. Hata hivyo huwezi kujua mapema utakutana na lipi, na la kwanza linaweza kugeuka la pili pale tu mjumbe mmoja anapovutiwa.

Suala la Kiingereza

Wengi humeza kwa sababu wanaogopa lugha, si kwa sababu hawana la kusema, na hofu hiyo ina msingi. Mtu aliyesoma msingi kwa Kiswahili, akasoma sekondari kwa Kiingereza cha kuandika, na anafanya kazi yake yote kwa Kiswahili, hajawahi kuusimulia mkutano wa kitongoji kwa Kiingereza cha kuongea. Akikaa mbele ya jopo, Kiingereza pekee kilicho karibu ni kile cha insha.

Dawa yake si kuandika. Tafuta maneno ya kazi yako, kati ya kumi na kumi na tano kwa kila tukio: tanuri, awamu, sampuli, kujaa, harufu, kichungi, kaya. Hakikisha unayajua kwa Kiingereza na unayatamka bila kusita. Sentensi zinazobaki ziwe fupi, za kawaida, na kila moja ibebe wazo moja. Anayekwama mbele ya jopo hukwama kwenye nomino za kazi yake, mara chache kwenye sarufi. Kosa dogo la wakati wa kitenzi halimpunguzii mtu alama kama jibu lenyewe ni zito. Kusita sekunde mbili kabla ya neno gumu nako hakuna ubaya, kwa sababu hivyo ndivyo mtu anayefikiri anavyosikika.

Ukikosa neno kabisa, lieleze. "Ule mkaa tunaouweka ndani ya ndoo" ni bora kuliko ukimya, tena mjumbe anayelijua neno atakupa mwenyewe.

Nani akuulize maswali

Kinasa sauti hakikatizi, kwa hiyo unahitaji watu. Tafuta wawili wasiofanana. Mmoja awe anaijua fani, kama mwanafunzi wa uzamili wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru au mwenzako wa kazini, ili akukamate ukisema jambo lisilo sahihi. Mwingine asijue lolote kuhusu maji. Kwa mwombaji wetu, mhasibu wa ushirika au mwalimu wa Historia anafaa kabisa, maana katika jopo kuna karibu kila mara mtu wa fani nyingine ambaye naye anatoa alama.

Wape ruhusa ya kukukatiza, tena kwa maneno ya wazi. Usipoitoa hawataitumia. Mdogo wako ataona ni utovu wa adabu kukukata, na mkubwa wako atakusikiliza hadi mwisho kwa upole kisha aseme umefanya vizuri. Makubaliano yawe haya: katika kila jibu, kati ya sekunde ya 30 na ya 60, lazima aulize kitu kuhusu neno la mwisho ulilosema. "Umesema harufu. Ya namna gani?" Si lazima swali liwe la maana. Unazoeza ule uwezo wa kuingia kwa mlango mwingine. Baada ya jibu asikuambie kama umefanya vizuri. Akuambie alichokishika, na kama hakutaja tendo lolote lako, mjumbe wa jopo naye asingekuwa na cha kuandika.

Maktaba ya mkoa inafaa kusoma, lakini haya mazoezi ni ya sauti, basi tafuta darasa tupu au kivuli cha uwanja wa shule baada ya saa kumi jioni.

Usaili wa mtandaoni

Hapa kishawishi cha kumeza kinabadilika kuwa kishawishi cha kusoma. Watu hubandika majibu kando ya skrini. Macho yanayosoma huenda kushoto kulia kwa mwendo sawa, na kamera inauonesha mwendo huo wazi kuliko unavyodhani. Jirekodi dakika moja ukisoma na dakika moja ukiongea, kisha itazame bila sauti.

Kadi zinaruhusu kitu kidogo hapa: karatasi moja yenye majina, takwimu na maneno ya kazi, imebandikwa usawa wa kamera, si pembeni. Maandishi yawe makubwa, maneno yasizidi kumi na tano, na kusiwe na kitenzi hata kimoja. Ukiweka vitenzi utaanza kusoma. Umeme na mtandao vikikatika katikati ya jibu, aliyekuwa na tukio ataunganishwa tena na kuendelea kwa sentensi moja ya kukumbusha alikofika. Andaa sentensi hiyo mapema, pamoja na kifurushi cha data kwenye simu nyingine iliyochajiwa.